Sababu ya Kuja: Kuvunja Harusi

Bibi alitoa hukumu akiwa juu ya kigoda, anamenya ndizi: harusi ya mjukuu wake itafanyika kihambani, Kibosho, palepale kwenye migomba. Anayetaka ukumbi akamwombe mwenye ukumbi ampe na baraka. Basi, ukumbi tuliokwisha kuulipia Moshi mjini, Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 2024, ukakosa harusi.

Mimi, kaka wa bwana harusi, ndiye katibu wa kamati. Mweka hazina ni Shangazi, ambaye mpaka leo anawakumbuka kwa majina wote walioahidi mchango kwenye harusi yake mwenyewe wakaishia kula ndafu bure. Akanipa mkataba. "Kipengele cha saba. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Ukumbi ni milioni mbili, advansi tulitoa nusu, yaani milioni moja. Ukighairi zikiwa zimebaki siku 60 au zaidi, unarudishiwa asilimia 80 ya advansi. Zikibaki kati ya 30 na 59, asilimia 50. Chini ya hapo hupati kitu. Taarifa iwe ya maandishi, na siku zihesabiwe tangu barua "itakapopokelewa ukumbini".

Nikampigia meneja, akasema, "Hamna shida, kaka." Mimi kwa neno hilo nikaona pesa imeshaingia. Ila Shangazi akaniandikisha barua, na Jumatatu tarehe 21 Oktoba, siku 61 kabla, nikaipeleka.

Meneja alikuwa ameenda benki, ofisi imefungwa. Getini kuna mlinzi mzee mwenye kofia ya sufu, na kwake huingii mpaka ujaze daftari la wageni: tarehe, jina, simu, saa, sababu ya kuja. Nikajiona mchekeshaji, nikaandika: *kuleta barua ya kuvunja harusi.*

Mzee akasoma polepole, akanipandisha na kunishusha. "Ya nani? Leo hakuna harusi hapa."

"Ya Desemba, mzee."

"Umeanza mapema." Akapokea bahasha, akaitia kwenye koti. Nami nikarudi zangu nyumbani, kazi imekwisha.

Tarehe 4 Novemba nikarudi na shati la pasi kuchukua laki nane. Meneja akaniuliza, "Barua gani?" Nikamkumbusha ile simu. Akafungua kipengele cha saba, kalamu ikasimama kwenye neno "maandishi". Kisha akachukua kalenda akaanza kuhesabu, anagusa kila kijumba kwa ncha ya kalamu mpaka 47. "Andika barua sasa hivi nikupokelee. Utapata laki tano."

Ukutani, nyuma ya kichwa chake, kuna ubao wa ratiba. Tarehe 21 Desemba ilikuwa imeshaandikwa majina ya maharusi wengine. Desemba hiyo, Wachaga wote wako nyumbani. Ukumbi Moshi haulali siku moja. "Dada, si mmeshampangisha mwingine? Hasara yenu iko wapi?"

"Mkataba unasema hivyo wapi?"

Nikaupindua mbele na nyuma. Hausemi. Nikampigia Shangazi.

Alifika na bodaboda, akapita getini bila kumtazama mtu, mlinzi anamkimbilia na daftari. "Nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko wapi?"

"Nilimwachia mlinzi."

"Hata hakusaini? Umepeleka barua ya laki nane kama unapeleka maziwa?"

Ndipo mlinzi, ambaye bado alikuwa mlangoni na daftari lake, akasema, "Huyu namjua. Ni yule wa kuvunja harusi." Akafunua ukurasa: tarehe 21 Oktoba, saa 4:20 asubuhi, jina langu, na ule utani wangu kwa mwandiko wangu. Barua je? Akaenda kibandani. Meza yake ina mguu mmoja mfupi, na chini yake ilikuwa bahasha yetu, imekunjwa mara nne. Koti lilifuliwa, akaiweka mahali ambapo, alivyosema, haiwezi kupotea.

Meneja akasema mlinzi si ofisi. Shangazi akavaa miwani. "Mwanangu, hapa mmeandika 'itakapopokelewa ukumbini'. Hamkuandika 'na meneja'. Hili geti ni la ukumbi gani?"

Meneja akatoka nje kumpigia mwenye ukumbi. Tukamsikia akisema "ndiyo mzee" mara nyingi. Aliporudi, akaandika kwa mkono wake kwamba laki nane zitaingia kwenye akaunti ya Shangazi ndani ya siku 14, akagonga muhuri. Shangazi akadai muhuri wa pili kwenye nakala.

Getini mlinzi akatuzuia. Shangazi alikuwa hajajaza. Akachukua kalamu, akaandika jina na saa, na kwenye sababu ya kuja akaandika: *laki tatu za mpwa wangu mjinga.*