Indiketa nane kwenye chati, na bado hujui ununue au uuze

Angalia skrinshoti za chati ambazo matreda wanatumiana kwenye simu, yaani kendo zenyewe huzioni. Juu kuna EMA mbili za rangi mbili na Bollinger Bands, chini wamebanana RSI, Stochastic, MACD, CCI na Williams %R, bei imebaki kamstari kadogo katikati. Halafu mwenye chati anauliza "wakuu hapa naingia au nasubiri?" Sasa kama nane hazijakujibu, ya tisa itakujibu nini?

Mi naona shida sio wingi wenyewe, shida ni kwamba nyingi kati ya hizo ni shahidi mmoja anayebadilisha kofia. Jaribu hivi: fungua EUR/USD kwenye MT5, weka Stochastic, %K iwe 14, %D iwe 1 na Slowing iwe 1, kisha chini yake weka Williams' Percent Range ya 14. Ile ya kwanza ikisoma 80 ya pili inasoma -20, ikisoma 35 ya pili -65, kila kendo, bila kukosea, kwa sababu hesabu ni ileile, kilichobadilika ni skeli tu:

```
%R = %K - 100
```

Kwa hiyo mtu anayesema "nimepata konfamesheni mbili" amepata moja akaihesabu mara mbili. MACD nayo, kwa setingi zake za kawaida, ni EMA 12 kutoa EMA 26, basi. Ikivuka sifuri maana yake EMA 12 imeikata EMA 26, kitu ambacho ungekiona juu kama hizo EMA mbili ziko kwenye chati. RSI na CCI hazifanani na hizo kwa fomula lakini zinapima kitu cha jamii hiyohiyo, kasi ya bei ya hivi karibuni.

Na hapa ndipo mtu anapoganda. Trendi ikiwa na nguvu RSI inaweza kukaa juu ya 70 muda mrefu tu huku EMA zinaonyesha kupanda, mtu anaona zinagombana, anaamua kusubiri mpaka zote zikubaliane. Ukisubiri zote, anayeamua uingie lini ni ile iliyo slo kuliko zote! Zikija kukubaliana bei imeshatembea, stop losi yako inabidi ikae mbali, na mara nyingi unakuwa unanunua pale ambapo waliotangulia wanatoa faida yao.

Mi ningebakisha tatu, kila moja na swali lake. EMA 200 kwenye H4 inajibu tuko upande gani, bei ikiwa juu yake natafuta kununua tu. Mistari ya sapoti na rezistansi kutoka chati ya D1, miwili mitatu inatosha, inajibu nichukue wapi. ATR ya 14 kwenye H1 inajibu stop losi ikae umbali gani na loti iwe kubwa kiasi gani. Ukweli ni kwamba zote tatu zinatoka kwenye bei, kwa hiyo uhuru wake sio wa asilimia mia, ila hakuna inayoweza kujibu swali la mwenzake. ATR kwa mfano haijui kabisa kama soko linapanda au linashuka.

Chukua mfano, akaunti ya dola 200 na hutaki kupoteza zaidi ya asilimia 1 kwa tredi, yaani dola 2. EUR/USD iko juu ya EMA 200, imerudi kwenye sapoti ya D1, ATR inasoma 0.0012, yaani pipsi 12. Stop losi weka mara moja na nusu ya hapo, pipsi 18. Loti 0.01 ni senti 10 kwa pipsi, ukipigwa unapoteza dola 1.80, tredi inakaa. Sasa hamia dhahabu, tuseme ATR ya H1 ni dola 8, stop inakuwa dola 12, na kwa mabroka wengi loti 0.01 ya XAUUSD ni aunsi moja, kwa hiyo ukipigwa zimeenda dola 12, asilimia 6 ya akaunti. Hata setapu iwe nzuri vipi hiyo siyo tredi yako, na RSI isingekwambia hilo hata ungeziweka kumi.

Soko likiwa halina trendi, EMA 200 inalala na bei inaikata juu chini juu chini, hapo swali la kwanza halina jibu, funga laptopu. Na ATR inaangalia kendo zilizopita, haijui kuna habari inakuja. Ripoti ya ajira ya Marekani, ile NFP, hutoka kwa kawaida Ijumaa saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, au 10:30 wakiwa kwenye saa za baridi, na kendo moja ya dakika hiyo inaweza kumeza pipsi zako 18 kabla hujashika mausi.