Gesti na mgahawa: kifurushi kimoja au bima ya moto peke yake?

"Nina gesti ya vyumba vinane na mgahawa mdogo Bagamoyo. Wakala mmoja anataka nichukue kifurushi cha moto, wizi na wageni kuumia. Mwingine anasema moto unatosha. Nimsikilize nani?"

Wa pili ana hoja: moto unaweza kukumaliza usiku mmoja, runinga ikiibwa utanunua nyingine. Ila moto ukitokea, kinachoamua malipo ni thamani uliyoandika. Tuseme kujenga upya jengo lako ni shilingi milioni 200 (kiwanja usikihesabu, hakiungui), ukaandika milioni 120 ili ada ipungue. Jiko likawaka, hasara ikawa milioni 50. Wengi hudhani watapewa zote, maana 50 ni ndogo kuliko 120. Lakini hati nyingi za moto zina kipengele cha wastani: ulikata bima ya asilimia 60 ya thamani, basi utalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 30, na hapo hawajakata kiasi unachobeba mwenyewe. Kwa kiwango cha asilimia 0.2, ninachotumia kwa mfano tu, zile milioni 80 ulizoficha zilikuokolea 160,000 kwa mwaka. Na kama paa ni la makuti, sema mapema. Ukinyamaza, kampuni itakuwa na sababu ya kulikataa dai.

Kwenye wizi ndipo kifurushi huvutia kuliko kinavyosaidia. Kwa kawaida bima hii inataka alama za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, nondo zilizokatwa. Mgeni aliyefunga runinga kwenye begi lake na kuaga vizuri hajavunja chochote. Mhudumu anayechota droo ya mauzo naye kwa kawaida hamo. Wizi wa namna hiyo una bima yake, ya uaminifu wa wafanyakazi, inayokatwa na mwajiri. Sehemu hii ningeipunguza kwanza.

Wageni kuumia ni habari nyingine, na hapo wakala wa kwanza yuko sahihi. Moto una kikomo, thamani ya jengo. Mgeni aliyevunjika nyonga kwenye ngazi yenye vigae vilivyolowa anaweza kudai matibabu na kipato alichopoteza, na hujui deni litaishia wapi. Sehemu hii, yaani bima ya dhima, hulipa pale sheria inapokubebesha kosa, siyo kila anayeteleza. Uliza mambo mawili: kikomo ni kwa tukio moja au kwa mwaka mzima, na je, chakula kilichodhuru wateja kimo? Hati nyingine hukiacha nje mpaka uombe kiongezwe, na kwa mwenye mgahawa hilo ni pengo kubwa. Mpishi akiungua, usitegemee sehemu hii: wafanyakazi wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kwa hiyo ningechukua kifurushi, kwa sharti kwamba kila sehemu ina kiasi chake na naruhusiwa kukibadilisha. Vifurushi vya bei rahisi huja na kikomo cha dhima kilichopangwa tayari, mara nyingi kidogo. Wakikataa kukipandisha, kata moto na dhima kila moja kivyake, wizi uwekee nondo na mlinzi.