Mpokea Wageni wa Newala

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine huko chini.

Msimu wa korosho uliopita ulipokwisha, bosi alitaka fomu za tathmini za watu wangu wawili zimfikie kabla ya Jumatatu. Wa kwanza anakaa meza ya pili kutoka kwangu, hapahapa Mtwara mjini. Tumwite Kaka. Wa pili ni binti anayefanyia kazi kwake Newala, juu kule uwandani, zaidi ya kilomita 100 kutoka ofisini. Makarani wa vyama vya msingi humtumia picha za stakabadhi za mizani, naye huingiza kilo kwenye jedwali letu la mtandaoni na kuzilinganisha na kilo zilizopokelewa ghala kuu. Zisipolingana, kuna mkulima atalipwa pungufu na mwingine atalipwa korosho ambazo hazijawahi kuota.

Fomu ya Kaka niliimaliza chai haijapoa. Kaka si namwona? Anafika saa moja na nusu, anapokea wageni kwa bashasha, na Ijumaa huleta vitumbua. Nilimpa 4 na 5 bila hata kufikiri, na kitumbua kingine nikakitia mdomoni.

Ya binti ikanikalisha mpaka magharibi. Niandike nini? Tangu mwezi wa kumi nimesikia sauti yake labda mara tatu. Nikafungua Wasapu nihesabu ujumbe wa mwezi mzima kwenye kundi la kazi: Kaka 112, binti 9. Nikaangalia ile nukta ya kijani inayoonyesha mtu yupo kwenye kompyuta yake. Ya Kaka inawaka kutwa. Ya binti, kila nikichungulia mchana, imezimika. Basi, nikajiambia, huyu yuko kivulini anakula mabibo.

Nikampa 2 kwenye mawasiliano na 2 kwenye juhudi. Kwenye maelezo nikaandika: "Haonekani sana. Aongeze juhudi." Na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, fomu yenyewe nilikuwa nimenakili ya Kaka, nikabadilisha jina. Nikamtumia binti asome na kusaini, kisha nikateremka feri kula pweza, moyo mweupe kabisa.

Jumamosi asubuhi jibu likaingia.

"Shikamoo dada. Fomu nimeisoma. Nashukuru kwa kunisifia kwamba nafika ofisini mapema na kupokea wageni kwa bashasha. Huko ofisini sijawahi kufika tangu mniajiri. Mgeni niliyempokea mwezi huu ni bata wa jirani, na bashasha sikuwa nayo, alikula mchicha wangu."

Nilisoma mara mbili. Ya pili nilikuwa nimesimama.

Nikampigia. "Marahaba mdogo wangu, nisamehe, nilinakili." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema tu, "Dada, kabla ya kusaini, fungua jedwali, uangalie palipoandikwa Version history. Chagua siku yoyote ya mwezi wa kumi na moja."

Nikafungua. Mabadiliko yake yalianza saa tatu usiku na kuishia saa saba. Sababu ilikuwa wazi kuliko jua, sema sikuwahi kuiuliza: makarani hupima kutwa nzima, picha wanazituma jioni mizani ikishafungwa. Mchana hana cha kuingiza. Na mimi nukta yake nilikuwa nachungulia saa nne asubuhi, kama mtu anayekwenda kumkagua mlinzi wa usiku wakati wa chai.

Nikaendelea kushuka. Usiku mmoja kulikuwa na mstari wa chama kimoja cha kijijini: gunia 23, kilo 18,400. Saa tano na dakika kadhaa binti akaubadilisha kuwa 1,840. Nikapiga hesabu. Gunia la korosho ni kama kilo 80, mara 23 ni 1,840. Kwa ile namba ya kwanza kila gunia lingekuwa na kilo 800, la kubebwa na tembo. Nani alikuwa ameingiza sifuri ya ziada? Jina lilikuwepo pembeni: Kaka, aliyekuwa akimsaidia wiki zile za msongamano.

Hapo nikakumbuka kitu. Mwezi huohuo Kaka aliwahi kuruka kutoka kwenye kiti, akapiga kelele ofisi nzima, "Nimeiwahi! Malipo yangekwenda vibaya!" Tulimpigia makofi. Nilimwandikia 5 kwa tukio hilo. Nikaitafuta siku ile kwenye historia ya jedwali. Kosa aliloliwahi asubuhi alikuwa ameliingiza mwenyewe jana yake mchana. Zimamoto alikuwa na kiberiti mfukoni.

Kosa la binti, yaani lile alilolizima, halikupigiwa kelele na mtu, kwa sababu halikumfikia mtu. Hata mimi mkuu wake nilikuwa nimelala.

Lakini historia ya jedwali nayo ina mipaka. Inaonyesha nani kagusa nini na saa ngapi, basi. Mtu anaweza kugusa mistari mia bila faida, na simu ya dakika ishirini ya kumbana karani haiachi alama yoyote. Kwa hiyo nikawapigia makarani watatu wanaomtegemea. Wawili walimsifu kwa upole, sifa za kumridhisha mtu wa mjini. Wa tatu akalalamika.

"Yule binti? Mama, ananisumbua! Picha ikiwa na ukungu kidogo tu, anairudisha. Saa nne za usiku ananiamsha nikapige tena kwa tochi."

Malalamiko yale nikayanakili neno kwa neno kwenye fomu mpya. Ushahidi mzuri kuliko huo sikuupata.

Nilipata na dosari, tena ya kweli, si ile "aongeze juhudi" yangu. Mara tatu alirekebisha kilo bila kuandika pembeni kwa nini, na bila kumwambia aliyekosea. Mkaguzi akija mwaka kesho ataona namba imebadilika usiku wa manane, aulize kulikoni, na sote tubaki kutazamana. Isitoshe, Kaka hakujua kamwe kwamba anaongeza sifuri, kwa hiyo aliendelea kuongeza. Nilipomwambia binti, akacheka.

"Kweli dada. Huwa nasahihisha halafu nalala."

Tukakubaliana kila marekebisho yawe na sababu ya mstari mmoja na namba ya stakabadhi, na tutahesabu baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza na yeye angejipa ngapi kwenye mawasiliano. Akasema 3. Mimi nilikuwa nimeshaandika 4, tukabishana, akashinda yeye. Juhudi ikapanda kutoka 2 hadi 5, na chini yake nikaandika tarehe, gunia 23 na ile sifuri.

Fomu ya Kaka nayo niliichana, nikaianza upya. Ijumaa iliyofuata vitumbua havikuja.

Jumatatu nilimpelekea bosi zote mbili. Ya binti ikarudi kesho yake imesainiwa, na pembeni kuna maandishi ya kalamu nyekundu. Nikajua bosi kavutiwa na gunia 23. Nikavaa miwani.

Ule mstari wa Kaka nilikuwa sijaufuta.

"Kwa bashasha hii," bosi alikuwa ameandika, "ahamishiwe mapokezi."