Unga mweupe wa supu na nyanya ya Lushoto

"Shikamoo Mama. Pale Ngamiani ninapokunywa supu asubuhi, muuzaji hutia unga mweupe wa pakiti, ule wa kukolezea. Rafiki yangu anasema ni sumu, unaharibu ubongo. Mwingine anasema hata nyanya na jibini vina kitu hicho hicho. Nimsikilize nani?"

Marahaba mwanangu. Huyo wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, lakini wa kwanza naye hakuokota maneno yake njiani, kwa hiyo nianze naye.

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, John Olney, aliwadunga panya wachanga monosodiamu glutamati, ndiyo huo unga wenyewe, chini ya ngozi, akakuta seli za sehemu ya ubongo wao zimekufa. Matokeo hayo ni ya kweli na hakuna haja ya kuyaficha. Ila tazama kipimo. Dozi zake zilifika gramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 240, karibu robo kilo ya unga, tena kwa sindano. Unapokula, mambo hubadilika: seli za ukuta wa utumbo huitumia glutamati yenyewe kama kuni zao, na sehemu kubwa sana ya ile uliyoila huishia hapo bila kufika kwenye damu. Sindano inaruka mlango huo.

Sasa nyanya. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mwanakemia wa Tokyo, alitafuta kinacholeta utamu wa mchuzi unaopikwa kwa mwani uitwao kombu. Akakipata: glutamati, na ladha yake akaiita umami. Sisi tungesema mchuzi umekolea. Kitu hicho kimo kwenye nyanya, na kinaongezeka kadiri inavyoiva. Nyanya ya Lushoto iliyokuwa nyekundu na kulainika huwa na miligramu 150 hadi 250 katika kila gramu 100, ilhali mbichi ya kijani ina sehemu ndogo tu ya hapo. Ute unaozunguka mbegu ndio wenye nyingi kuliko nyama yake, kwa hiyo anayeukamua na kuumwaga anamwaga ladha.

Jibini lina njia nyingine. Protini ya maziwa imejengwa kwa asidi amino nyingi, na glutamati ni kama moja ya tano yake, lakini ikiwa imefungwa ndani ya protini ulimi hauionji. Jibini likikaa miezi, vimeng'enya huikata protini polepole na kuiachia huru. Ndiyo maana parmesan ya Italia, inayokaa mwaka na zaidi, hufika gramu 1.2 hadi 1.6 katika gramu 100, na jibini changa halifiki karibu na hapo. Ukipita Irente kule Lushoto wanakouza jibini, onja lililokaa kando ya lile changa, utaielewa tofauti hiyo bila kusomewa.

Glutamati ya pakiti hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya miwa au wanga wa muhogo kwa bakteria. Inapoyeyuka kwenye supu, sodiamu na glutamati huachana, na glutamati inayobaki ni ile ile ya nyanya. Mwili hauna namna ya kuuliza imetoka wapi. Kinachobaki kujadiliwa ni wingi wake, na kama tumbo lina kitu.

Hapo ndipo nawapa haki wanaolalamika. Mwaka 1968 daktari Robert Ho Man Kwok aliliandikia jarida la tiba la Marekani kwamba akila kwenye mikahawa ya Kichina shingo humfa ganzi na moyo humwenda mbio. Alitaja sababu kadhaa za kubahatisha, ikiwemo divai ya kupikia na chumvi nyingi, lakini watu walishika glutamati peke yake. Jaribio lililoshughulikia malalamiko hayo kwa uangalifu zaidi lilitoka mwaka 2000. Walichukuliwa watu 130 waliosema wenyewe kuwa unga huo huwadhuru. Walipewa gramu 5 bila chakula, na siku nyingine kinywaji kisicho nayo, bila wao wala waliowahudumia kujua kipi ni kipi. Watu 50 walipata dalili kwa glutamati tu, 17 kwa kinywaji kitupu tu, na 19 kwa vyote viwili. Kwa hiyo kuna kitu: dozi kubwa, tumbo tupu, wengine huumwa kichwa au huhisi joto kwa muda. Lakini walioumwa waliporudiwa tena na tena, mwishoni walibaki wawili tu walioitikia glutamati kila mara, na hao nao walipopewa pamoja na chakula hawakuwa na mwitikio wa kueleweka.

Tupige hesabu ya sufuria ya lita 12, inayotoa bakuli 40. Tuseme muuzaji anatia vijiko vinne vya chai, kama gramu 16. Bakuli lako lina gramu 0.4, yaani moja ya kumi na mbili hivi ya ile dozi ya jaribio. Nusu kilo ya nyanya zilizoiva kwenye mchuzi wa watu watano humpa kila mmoja kiasi kinachozidi kidogo nusu ya hicho.

Kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani haikuona haja ya kuweka kikomo, mwaka 1987. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula iliweka mwaka 2017: miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikiwa imechukua dozi isiyowadhuru panya na kuigawa kwa mia. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 1.8, na bakuli lako liko mbali na hapo. Kwa mtoto wa kilo 12, bakuli hilo hilo linakaribia kikomo. Kwa hiyo mimi simpi mtoto mdogo supu hiyo kila asubuhi, ingawa sidhani bakuli moja lina sumu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kimo kwenye sufuria hiyo hiyo, na hakuna anayekiuliza. Supu ya kawaida huwa na chumvi gramu 10 hivi kwa lita, kwa hiyo bakuli lako lina gramu 3 za chumvi, ambazo ni miligramu 1,200 za sodiamu. Ule unga unaongeza 50 tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni miligramu 2,000 kwa siku nzima, na wewe bado hujala mchana. Angepunguza chumvi kwa theluthi moja na kuuacha unga, supu ingebaki imekolea na sodiamu ingeshuka mpaka 850 hivi. Tatizo ni kwamba wengi huongeza unga bila kupunguza chumvi, au huutumia kuficha kwamba mifupa ni michache na maji ni mengi. Lawama hiyo ya pili naiona ya haki kabisa, na utaijua supu ya namna hiyo ikipoa: ya mifupa iliyochemka vya kutosha huganda kama jeli, ya maji na unga hubaki maji.

Na kama wewe mwenyewe huumwa kichwa ukiinywa, usikubali kuambiwa ni mawazo tu, lakini pima. Pika supu isiyo na unga, mpe dada yako agawe vikombe viwili, kimoja atie robo kijiko cha chai, aandike pembeni bila kukuambia. Kunywa kimoja leo na kingine keshokutwa, saa ile ile, na mkate ule ule. Rudieni mara nne, ndipo mfungue karatasi yake. Mwenye pumu asijaribu haya peke yake nyumbani.