Sikukamatwa na viza bandia, acheni hizo

Kwanza kabisa: sikukamatwa. Aliyetangaza kwenye grupu kwamba nimeshikwa na viza bandia pale uwanja wa ndege wa Moi ni rafiki yangu wa tuktuk, na yeye hakuvuka hata mlango. Nawaandikia kutoka Mumbai, Ami amelala, jicho moja lina bendeji. Kwa hivyo tulifika. Jinsi tulivyofika ndiyo aibu yenyewe.

Maombi ya viza za mtandaoni za India nilijaza mimi, ya Ami ya matibabu na yangu ya msindikizaji. Majibu yalipokuja kwa baruapepe niliyasoma kwenye simu nikatosheka. Ami akataka karatasi. Nikamcheka, wallahi, tena mbele ya watu: "Ami, dunia nzima siku hizi imo simuni." Hakunijibu. Akamtuma bintiye achapishe yake, akaitia kwenye bahasha ya plastiki pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, akaikumbatia kama hati ya shamba. Mimi, ili anyamaze, nikachukua karatasi niliyokuta kwenye droo, ina picha yangu na nambari ya pasipoti, nikaikunja mara nne nikaitia mfuko wa nyuma.

Kaunta ilikuwa inafungwa saa nane. Tulifika saa saba na dakika tano. Dada wa kaunta akachukua ya Ami, akaitazama, akampa shikamoo. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

Nikakunjua karatasi. Imelowa jasho, jamani, mnalijua joto la Mombasa. Dada akailaza, akaipiga pasi kwa kiganja, akapitisha kidole mstari kwa mstari hadi chini. Akaigeuza nyuma. Nyuma hakuna kitu. Akairudisha mbele.

"Kaka, hii ni fomu uliyoomba nayo. Viza iko wapi?"

Nikatoa simu kwa madaha. Asilimia mbili. (Nyinyi mliofurahia status zangu za "Mumbai naja" tangu asubuhi, chaji ilikwenda huko.) Nikafungua baruapepe, duara likazunguka, likazunguka, kioo kikawa cheusi. Nikabaki nimeinua simu iliyokufa mbele ya uso wa dada, naye kwa adabu anaendelea kuitazama. Nyuma yangu mtu akakohoa. Ami akaisogeza bahasha yake kifuani, akasema taratibu, foleni nzima ikasikia: "Dunia imo simuni."

Dada akanieleza bila ukali. Akinipandisha bila idhini nikakataliwa India, shirika ndilo hunirudisha kwa gharama yake na huenda likapigwa faini juu. Karatasi anayoitaka ina neno moja la kutafuta: GRANTED. Ya Ami inalo. Yangu ina nambari ya maombi tu, maana yake niliomba; kwamba nilipewa, haisemi.

Saa saba na robo. Nikamwacha Ami na mizigo, nikakimbia hadi kwenye tuktuk. Saiba ya Magongo imejaa wanafunzi wanaochapisha insha. Kijana wa saiba akauliza kama nina chaja, sina. Kama nakumbuka nywila ya baruapepe, sikumbuki. Hapo ndipo machozi yalipotoka, hilo rafiki yangu hakudanganya.

"Huna hata nambari ya maombi?"

Nikatazama mkononi. Ile fomu ya aibu! Nambari ya maombi hii hapa, ya pasipoti hii hapa. Akaingia indianvisaonline.gov.in, sehemu ya kuangalia hali ya viza, akaandika zote mbili pamoja na zile herufi zilizopinda za kuthibitisha, ya kwanza akakosea, ya pili ikakubali. Ukurasa ukafunguka: picha yangu, na GRANTED. Akabofya Print Status. Printa ikatoa kwanza insha ya mtoto kuhusu faida za misitu, kurasa tatu, nami nimesimama nazihesabu. Ndipo yangu ikatoka, ingali na moto. Nikachukua nakala mbili, shilingi ishirini, nikaacha hamsini.

Saa nane kasoro dakika nne nikaiweka kaunta. Dada akatafuta neno lake, akalipata, akachapa pasi ya kupandia. Mumbai ofisa naye aliomba karatasi hiyohiyo, akachukua alama za vidole, tukapita. Upasuaji umekwenda salama alhamdulillahi.

Nakala yangu ya pili sinayo. Ami ameichukua, imo ndani ya bahasha yake ya plastiki, na nikiihitaji lazima niombe. Na wewe wa tuktuk, mia tatu yako utaipata ukifuta ile meseji.