Picha Kaburini Si Marehemu

Jumamosi iliyopita kikao chetu cha ukoo, huko Kibosho, kilitumia karibu saa mbili kujadili kaburi la baba mkubwa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye picha: achorwe kwenye granaiti nyeusi akiwa na suti ambayo nilimwona ameivaa mara moja tu, siku alipomwoza binti yake. "Bila sura yake watu watajuaje kwamba ni yeye?" aliuliza baba mdogo, na swali hilo limeninyima usingizi, kwa sababu naamini lina kosa.

Majirani zetu wa pwani ya Kenya, Wamijikenda na hasa Wagiriama, wana vigango, yaani nguzo za miti migumu isiyoliwa na mchwa, zinazosimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha siri cha wazee wenye hadhi. Kiwiliwili cha kigango ni ubao bapa uliojaa pembetatu ndogo zilizochongwa kwa kisu, kichwa mara nyingi ni duara, na uso una alama chache tu. Kwa sura hiyo hakuna anayeweza kumtambua hata mzazi wake, lakini ndugu hukisemesha kigango kama mtu, hukifunga vitambaa na kukimiminia tembo. Mara nyingi hakichongwi siku ya maziko, bali baadaye, marehemu anapomjia ndugu ndotoni na kudai nafasi yake. Kinachomfanya kuwa yeye ni jina lake na wajibu walio nao walio hai, wala si pua na macho.

Hadhi nayo imo, sikatai. Kuingia Gohu kulihitaji mali na karamu, na asiyekuwa mwanachama aliwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na nakshi. Tofauti na granaiti yetu ni kwamba kigango kilitangaza cheo ambacho marehemu mwenyewe alikuwa amekipata, ilhali granaiti hutangaza uwezo wa watoto wake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha ina kazi yake. Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kigiriama alipigwa picha kando ya vigango viwili vya ndugu zake, ambavyo baadaye viliibwa; ni picha hiyo iliyowezesha vyote viwili kutambuliwa ndani ya makumbusho za Marekani. Hata hivyo familia ilidai kurudishiwa vigango vyenyewe, kwa kuwa picha walikuwa nayo tayari.

Kaburi la mama yangu lina picha iliyobandikwa chini ya plastiki na fundi aliyetuapia kwamba haitafutika. Masika mawili tu yalitosha: maji yalipenya pembeni, uso ukageuka doa la samawati, na sasa kinachoonekana ni kilemba tu. Shangazi anapofika hapo haitazami. Hushika jani la isale tulilopanda upande wa kichwani, huita jina la mama na la baba yake, kisha humweleza nani amezaliwa.