Uliomba uhasibu, wamekupa ukarani: jibu kwa swali, si kwa sharti

Mpwa wangu anaishi Kakamega. Aliomba kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, akaitwa kwa mahojiano, kisha akaletewa barua ya kumpa nafasi ya karani wa hesabu. Tangazo lilisema mshahara wa shilingi 55,000. Barua ilisema 32,000, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Akanipigia: "Mjomba, wameniteremsha. Niwaambie nakubali lakini wanipe angalau 45,000?"

Nilimwambia asiandike hivyo. Kiasi chenyewe hakikuwa na ubaya. Kilichonitia wasiwasi ni namna sheria inavyoyasoma maneno "nakubali, lakini". Sheria yetu ya Mikataba hapa Kenya, Sura ya 23, inafuata misingi ya mikataba ya Uingereza. Huko, tangu kesi ya Hyde na Wrench ya mwaka 1840, anayejibu ofa kwa kutaja bei yake huhesabiwa ameikataa ile ya kwanza. Wrench alitaka kumuuzia Hyde shamba kwa pauni 1,000, Hyde akasema atatoa 950. Aliponyimwa akarudi na 1,000, na mahakama ikaona hakuna tena cha kukubali. Kwa hivyo ukitaka 45,000 na meneja akatae, hana deni la kukurudishia zile 32,000. Wengi wao hukurudishia tu, ila mtu aliyekaa bila kazi hana haja ya kujaribu bahati hiyo. Kuuliza ni jambo jingine. Swali haliui ofa.

Sasa tukaisoma barua pamoja, mstari kwa mstari. Watu wengi hukimbilia mshahara na kuruka orodha ya majukumu, na humo ndimo mambo yalimokuwa. Karani wa hesabu kwa kawaida huingiza ankara, huandika vocha na kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Barua ilitaja hayo yote, kisha ikaongeza "kufunga hesabu za mwezi" na "kuwasilisha kodi za kampuni kwenye iTax". Hayo mawili yalikuwa kwenye tangazo la mhasibu. Yaani cheo kilishuka, mshahara ukashuka, kazi ikabaki palepale. PAYE inatakiwa kufika si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata na VAT si zaidi ya tarehe 20, na kuchelewa kuna faini. Siku faini itakapokuja, atakayeulizwa ni huyo "karani".

Barua pepe tuliyoandika ilikuwa fupi:

"Nashukuru kwa kunipa nafasi ya Karani wa Hesabu, na bado ninapenda kufanya kazi nanyi. Kabla ya kujibu rasmi, naomba ufafanuzi wa mambo matatu. Je, nafasi ya Mhasibu niliyoomba imeshajazwa? Je, kufunga hesabu za mwezi na kuwasilisha kodi ni majukumu ya karani au yatakuwa chini ya mhasibu? Na je, mwishoni mwa muda wa majaribio, cheo na mshahara vitaangaliwa upya, na hilo linaweza kuandikwa kwenye mkataba? Naomba pia, ikiwezekana, muda wa kujibu hadi Jumatatu."

Hakuna kulalamika humo, wala kutaja shahada yake. Wanaijua.

Swali la tatu ndilo ninalolishikilia zaidi. Kila mtu atakwambia, "Ingia kwanza, utapanda ukiwa ndani." Wako wanaopanda, siwakatai. Lakini "tutaangalia baadaye" iliyosemwa kwenye simu haina tarehe, na mikataba mingi ina kifungu kinachosema makubaliano yote ni yale yaliyoandikwa humo tu. Ukishatia sahihi, ahadi ya simu imekwisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka muda wa majaribio usiozidi miezi 6, na mwajiri hawezi kuurefusha peke yake bila wewe kukubali. Hiyo ni tarehe tayari. Fungia ahadi yako hapo.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. Mhasibu alikuwa ameshaajiriwa, mtu mwenye uzoefu mrefu kuliko wa mpwa wangu, na hapo sikuona cha kubishia. Walitoa majukumu mawili yale kwenye orodha, wakaandika kwamba mshahara utaangaliwa upya mwishoni mwa mwezi wa 6 wa kazi, bila kutaja kiasi. Kutotaja kiasi ni udhaifu, nami nilimwambia hivyo. Kama wangekataa kuyaondoa yale majukumu, ningemshauri akatae kwa heshima na abaki Kakamega, kwa sababu 32,000 kwa kazi ya mhasibu, ukitoa kodi ya nyumba ya Kisumu, ni kufanya kazi ya mtu mwingine kwa bei ya kwako.

Alikubali Jumatatu, akitaja kwenye jibu lake tarehe ya barua iliyorekebishwa, si ile ya kwanza.